Mashuka ya Mashine ya Tisa

Katika nyumba ya wazee ya Busanza, Kigali, vitanda vilitandikwa kabla ya chai, na aliyevitandika kwa miaka mingi kuliko wote alikuwa Eustadia. Kazi yake haikuwa na jina zuri. Masista walimwita mama wa mashuka, wazee wakamwita Mama tu, na yeye mwenyewe, akiulizwa na mgeni, alisema anafua. Lakini kila kilichomgusa mzee usiku, shuka, taulo au blanketi, kilikuwa kimepita kwanza mikononi mwake, na mikono hiyo haikudanganyika kwa urahisi.

Alizaliwa Ngara, Tanzania, upande wa pili wa mto Kagera, kwa wazazi wa Kinyarwanda waliokuwa wakimbizi, akarudi nao Rwanda akiwa msichana mkubwa. Kiswahili kilikuwa lugha ya utoto wake, na ndicho kilichomkutanisha na Zephaniah, mfumaji aliyetoka Mwanza kuja Kigali kufanya kazi katika kiwanda kidogo cha vitambaa. Zephaniah alimwoa, akaishi naye miaka michache yenye kelele na kicheko, kisha asubuhi moja akapanda lori kwenda Bukavu kutafuta vipuri vya mashine za kiwanda. Simu yake iliita hadi jioni. Kesho yake haikuita tena. Walioulizwa mpakani hawakumkumbuka, dereva wa lori alisema alimshusha sokoni, na baada ya hapo hapakuwa na neno. Kiwanda kikafungwa. Shemeji yake, Fortunatus, ndugu wa Zephaniah, alikuja kutoka Mwanza mara mbili kumsihi wafanye matanga, watu walie, yamalizike. Eustadia alimpikia, akamtandikia kitanda, akamwambia hawezi kumlilia mtu ambaye hakuna aliyemwona amekufa. Akabaki hivyo, si mke, si mjane, kama kitambaa kilichoachwa kwenye mashine umeme ulipokatika.

Sasa mashuka ya nyumba ya wazee yalikuwa yamefika mwisho. Yalinunuliwa wakati Eustadia alipokuwa amelazwa, na aliyeyanunua aliyapenda kwa sababu dukani yalikuwa mazito na yaling'aa. Uzito ule ulikuwa wanga. Maji ya kwanza yalipouondoa, kitambaa kilibaki legelege kama chandarua, na kwa kuwa nyuzi zilikuwa zimeachana, kila mfuo wa maji ya moto ulizisogeza karibu, shuka likanywea. Pembe zikaanza kuchomoka chini ya magodoro. Mzee Frederick, ambaye ngozi yake ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, aliamka akiwa amelala juu ya plastiki tupu, shuka limejikunja chini ya mgongo wake kama kamba, na kidonda kilichoanzia hapo kilichukua msimu mzima wa mvua kupona. Hakulalamika. Alisema tu kwamba usiku ule aliota yuko shimoni. Eustadia aliliweka neno hilo moyoni, likakaa.

Sista Pamela, mkuu wa nyumba, alimwita akamwambia kuna wafadhili waliotoa fedha ya kubadilisha vitu vyote vya vitandani, kwa sharti kwamba vinunuliwe vilivyotengenezwa nchini. Akamwambia achague yeye, na achague mara moja, maana fedha ya namna hiyo haiji mara mbili. Wazee hawa, Sista alisema, wengi watafia kwenye mashuka utakayoleta. Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu asemaye mvua itanyesha.

Basi Eustadia akaanza kuzunguka.

Blanketi lilimsumbua kidogo tu. Aliliinua kwenye mwanga, akapuuza manyoya ya juu, akatazama mwili. Blanketi la kampuni ya Rweru lilikuwa na manyoya marefu ya kuvutia, lakini alipolisugua kwa kiganja chenye maji, kiganja kilivaa sufu. Manyoya yalikuwa yamechanwa kutoka kwenye kitambaa chembamba, na siku yatakapoisha, blanketi litaisha nayo. La Kanyoni lilikuwa na sura ya kimaskini, manyoya mafupi, mwili umebana. Alichomoa nyuzi mbili tatu, akaziwashia kiberiti. Mmoja ulinuka nywele zilizoungua, ukaacha majivu ya kusagika; hiyo ni sufu. Mwingine uliyeyuka ukawa tone jeusi gumu. Mchanganyiko, basi, lakini sufu imo kweli, na lebo ilisema hivyo hivyo. Alipenda lebo isiyojikweza. Akachagua Kanyoni.

Taulo pia zilipatikana. Alidondosha tone la maji juu ya kila taulo mpya na kungoja. Juu ya zile laini kupita kiasi tone lilikaa kama jicho, maana zimepakwa dawa ya ulaini. Hizo zingehitaji kufuliwa mara kadhaa kabla hazijajua kazi yake. Akavuta kitanzi kimoja kwa ukucha. Katika taulo mbaya kitanzi kilikuja na mstari mzima wa wenzake. Akatazama ukingo: kama ukingo ni poliesta na mwili ni pamba, mwili utapungua, ukingo utagoma, na taulo itakuwa na mawimbi kama chapati iliyokaangwa vibaya. Alizopata zilikuwa za ushirika wa akina mama, nzito, vitanzi vifupi, ukingo wa pamba. Si nzuri machoni. Zitadumu.

Mashuka ndiyo yalimpeleka mtaa wa Gitega, hapo hapo Kigali, kwa Sharif.

Sharif alikuwa na duka jembamba lililojaa mashuka hadi darini, na yeye mwenyewe alikaa katikati yake kama mtu aliyemezwa. Alikuwa Mwislamu wa Kigali wa tangu babu, mcheshi, na alimjua Eustadia kama mnunuzi anayenusa.

"Mama Busanza amekuja," alimwambia jirani yake. "Leo nitauza au nitafundishwa?"

"Vyote viwili, ukikaa vizuri," Eustadia alijibu.

Akamtolea ya kutoka nje yaliyoandikwa pamba mia kwa mia. Eustadia alilisugua moja karibu na sikio, akasikia mlio wa karatasi ya plastiki, akalirudisha. Sharif akacheka. Akaleta Ituze, chapa mpya ya Kigali, ambayo mji mzima ulikuwa ukibishana juu yake. Sharif mwenyewe alikiri kwamba haielewi. Wateja wengine walirudi kumsifu, wakisema wamefua mwaka mzima na shuka bado linafika pembeni. Wengine walirudi kumtukana. Duka moja, chapa moja, lebo moja. Alisema labda ni maji ya watu, kuna wanaofua kwa maji ya mto Nyabarongo.

Eustadia alilitandaza shuka kwenye meza. Alipitisha kidole upande wa pindo, pale kitambaa kinapoishia bila kushonwa, na kidole kikasimama kabla macho hayajafika.

Ndani ya pindo, mbali na ukingo kwa upana wa punje ya mchele, kulikuwa na uzi wa kijani na uzi wa damu ya mzee, zimekwenda pamoja kutoka mwanzo wa shuka hadi mwisho.

Duka la Sharif liliendelea kuwa duka. Mtu nje aliuza parachichi. Eustadia alisikia haya yote kutoka mbali, kama mtu aliye chini ya maji.

Zephaniah alimpa shuka lenye uzi huo kabla hajamwoa. Walikuwa wamekaa nje ya kiwanda, yeye ana vumbi la pamba kwenye nyusi, akamshika kidole akakipitisha pindoni. Kijani na damu ya mzee, alisema, ni mimi. Popote utakapouona uzi huu, ujue ni mkono wangu. Hakueleza zaidi, naye hakuuliza. Mwanamke anayependa hamwulizi mwanamume uzi unatoka wapi.

Alimwuliza Sharif mashuka haya yametoka ghala gani. Sharif alisema hayatoki ghalani, yanaletwa yangali na joto. Eustadia alinunua mawili, moja lenye uzi ule na moja la Ituze vilevile lenye pindo la uzi wa njano, akaondoka bila kubishana bei, na Sharif alishangaa hadi akasimama mlangoni kumtazama.

Katika chumba cha kufulia aliyaweka mashuka mawili sakafuni na kuanza kuyahoji. Kwanza umri. Kama ni ya zamani, yaliyofumwa kabla ya kiwanda kufungwa na kufichwa mahali, mikunjo yake ingekuwa na umanjano, na pua ingepata ukungu. Mikunjo ilikuwa myeupe. Aliyatumbukiza kwenye beseni, na maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Wanga mbichi. Kitambaa kimefumwa juzi juzi.

Kisha ujazo. Alichukua kioo cha kuhesabia nyuzi, kile kidogo cha kukunja alichokiacha Zephaniah kwenye dirisha, akakilaza juu ya shuka la uzi wa njano. Nyuzi za mtande, zile za urefu, zilisimama sawasawa, lakini za mshindio, zile zinazopita kwa upana, zilikuwa chache, na kati yake mwanga ulipenya. Akakihamishia kwenye shuka la kijani na damu ya mzee. Mtande ulikuwa uleule. Mshindio ulikuwa umebanana, uzi juu ya uzi, kama watu wanaosikiliza habari mbaya.

Hilo pia alilijua. Zephaniah alikuwa na ugomvi wa kudumu na wakuu wake kuhusu mshindio. Waliutaka mwepesi ili uzi utoshe. Yeye aliona aibu kufuma chandarua na kukiita shuka. Akicheka, usiku, alimwambia Eustadia kwamba amewapiga chenga, na hawatajua.

Alishona alama za mraba kwa uzi mweusi kwenye mashuka yote mawili, akapima, akayafua kwa maji ya moto pamoja na nguo za wazee, akayaanika, akapima tena, akafua tena. Lile la njano lilinywea, mraba wake ukawa umbo lisilo na jina. Lile jingine lilipungua kidogo katika mfuo wa kwanza, kama pamba yoyote ya kweli inavyopungua, kisha likatulia. Alilikunjua juani, akaona nyuma yake kivuli cha mtu, akaruka. Ulikuwa mti wa mparachichi.

Siku hizo alikuwa akimsikia Zephaniah. Alikuwa akitandika, akisikia pumzi ya mtu anayevuta pembe ya pili ya shuka. Mzee Frederick alimwuliza, akiwa na akili zake timamu, huyo bwana anayekusaidia ni nani. Eustadia alitazama upande wa pili wa kitanda. Akamwambia hakuna mtu. Frederick akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu asiyetaka kuaibisha mwenzake.

Yuko hai, alijiambia. Yuko hapa mjini, anafuma, na hajaja nyumbani. Wazo la pili lilikuwa na meno kuliko la kwanza.

Kiwanda cha Ituze kilikuwa mtaa wa Gisozi, nyuma ya karakana za maseremala, kwenye banda refu la bati lililong'ang'ania mteremko. Juu yake misumeno ililia, na harufu ya mbao mbichi ilishuka hadi mlangoni. Eustadia aliingia akijitambulisha kwa kazi yake, na hilo lilikuwa kweli. Mwenye kiwanda, Rodney, Mnyarwanda aliyekulia Kampala, alimpokea kwa heshima ya mtu anayehitaji wateja. Alieleza alivyozinunua mashine hizi zikiwa zimefunikwa turubai katika banda la kiwanda kilichokufa, zikiwa na kutu na viota vya panya, na jinsi fundi kutoka Jinja alivyozisafisha na kuzifunga upya kama zilivyokuwa, bila kubadilisha kitu, kwa kuwa hakuwa na michoro yake.

Eustadia hakusikia yote. Alikuwa akitazama migongo ya wafumaji, mmoja baada ya mwingine, katika vumbi la pamba. Wote walikuwa wanawake.

Mashine ya tisa ilikuwa mwisho, karibu na ukuta. Aliyeiendesha aliitwa Pretty, msichana wa miaka ya ishirini, kitambaa kichwani, masikio yamezibwa kwa pamba. Pindoni mwa kitambaa kilichokuwa kikizaliwa mbele yake zilikwenda nyuzi mbili, kijani na damu ya mzee.

Eustadia alimwinamia, akamwuliza kwa sauti ya kushinda kelele nani alimpa uzi huo.

Pretty alitoa pamba sikioni. "Uzi wa pindo? Ni wa mashine, mama. Kila mashine iko na rangi yake, ili mkaguzi akiona kosa ajue limetoka wapi. Ya nane ni njano. Hii ni kijani na hii nyekundu ya giza."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipotoka Ulaya, nafikiri. Imepakwa rangi pale chini, ona." Na kweli, kwenye mguu wa chuma, chini ya rangi mpya iliyobanduka, kulikuwa na mistari miwili ya zamani sana, kijani na damu ya mzee, iliyopakwa kabla Zephaniah hajazaliwa.

Eustadia alishika ukuta. Kwa hiyo haukuwa mkono wake. Kabla yake kulikuwa na mwingine, na baada yake huyu msichana, na wote walikuwa kijani na damu ya mzee. Alimdanganya, au alimbembeleza, na katika umri ule tofauti ilikuwa ndogo. Alihisi kitu kikiondoka kifuani na hakujua kama ni uzito au ni pumzi.

Lakini mshindio. Rangi haibani mshindio.

Alikuwa bado ameshika ukuta Rodney alipofika na kuanza kumsemesha Pretty, kwa Kinyarwanda kwanza, kisha kwa Kiswahili alipokumbuka mgeni. Sauti yake ilikuwa ya uchovu kuliko hasira. Uzi wa mshindio wa mashine ya tisa ulikuwa umeisha tena kabla ya wakati. Kila mwezi mashine hii inakula kuliko wenzake na kutoa mita pungufu, na kila mwezi Pretty ana maelezo. Kabla yake alikuwapo Kaliza, naye alikuwa na maelezo, na sasa Kaliza anauza mboga. Rodney alisema hataki kumwita mtu mwizi. Alisema hivyo akilitazama begi la Pretty.

"Mimi sijabeba hata kipande, bosi," Pretty alisema. "Nipekue kila jioni. Umenipekua jana."

"Basi uzi unakwenda wapi? Mashetani wanaula?"

Pretty aliuinamia mtambo. Machozi yalishuka yakachora njia kwenye vumbi la pamba usoni mwake, naye hakuyafuta kwa kuwa mikono yake ilikuwa ikifunga uzi uliokatika.

Eustadia alijua uzi unakwenda wapi. Alijua wakati uleule Rodney alipotamka neno mashetani, na ujuzi huo ulimshukia kama baridi. Hawatajua, Zephaniah alisema akicheka. Hakuwa ameubana mshindio kwa mkono, maana mashine haibanwi kwa mkono. Pembeni mwake, kama Zephaniah alivyowahi kumweleza, nyuma ya kifuniko lipo gurudumu dogo la meno linaloamua kitambaa kitavutwa upesi kiasi gani baada ya kila uzi kupigwa. Kikivutwa upesi, nyuzi huachana. Kikivutwa polepole, hubanana. Alikuwa amelibadilisha akarudisha kifuniko. Kiwanda kikafa, panya wakazaa humo, fundi wa Jinja akaja akafunga upya kila kitu kama kilivyokuwa, na gurudumu likaendelea kufanya alichotaka Zephaniah, mwaka baada ya mwaka, bila yeye.

Mkono alioutambua ndani ya shuka ulikuwa wa gurudumu, si wa mtu. Hakuwa hai. Kwa mara ya kwanza alilijua hilo bila mtu kumwambia. Mtu aliye hai habaki mahali pamoja hivi.

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Angeagiza mashuka yenye pindo la kijani na damu ya mzee peke yake, aseme ni upendeleo wa masista, na gurudumu lingebaki gizani likizunguka, na kila shuka ambalo lingetandikwa Busanza lingekuwa limepita chini ya mapenzi yake. Wazee wangelala vizuri. Pretty angefuata njia ya Kaliza, na baada yake angekuja mwingine, naye angepekuliwa begi. Eustadia alisimama kati ya mambo hayo mawili muda ambao Pretty alihitaji kufunga uzi, kuuwasha mtambo, na kuona kitambaa kikianza tena kushuka.

Kisha akamwomba Rodney afungue kifuniko cha pembeni cha mashine ya tisa, na cha mashine ya nane.

Rodney alimtazama. Alisema, kwa upole, kwamba mama amekuja kununua mashuka. Eustadia alimjibu kwamba ndiyo, na kwamba hatanunua hata moja kabla hajaona. Mashine zikazimwa. Rodney mwenyewe alichukua spana, akafungua, akapiga magoti akiwa na taa ya simu. Alikuwa mtu wa hesabu na mwenye jicho. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aliangalia gurudumu la ya nane, akaangalia la ya tisa, akarudi, akahesabu meno kwa kidole chenye grisi. Akakaa kitako sakafuni.

"Nani alifanya hivi?"

"Mume wangu," Eustadia alisema. "Alikuwa mfumaji wa mashine hii. Amefariki."

Neno hilo la mwisho halikuwahi kutoka kinywani mwake. Lilitoka likiwa dogo, kavu, na hakuna kilichoanguka. Pretty alijishika mdomo. Rodney alisema pole, mama, kisha, kwa kuwa alikuwa mwungwana kadiri ya kazi yake, alimgeukia Pretty akamwomba radhi mbele ya wafumaji wote, akasema atamtafuta Kaliza.

Wakazungumza biashara wakiwa wamekaa kwenye majora ya kitambaa. Rodney alisema sasa anaelewa kwa nini Ituze inasifiwa na kutukanwa kwa wakati mmoja. Wanaoisifu wamelala juu ya mashine ya tisa. Alisema angependa zote zifume hivyo, lakini mji haulipi shuka la namna hiyo; mteja wa Gitega anashika, anasikia wanga, anafurahi. Angeifumia nyumba ya wazee mzigo wake wote kwa gurudumu lile, kwa bei inayohesabu uzi wake. Baada ya hapo angeweka gurudumu kama la wenzake, maana kiwanda chenye mashine moja inayokula kuliko nyingine hakiwezi kujua nani anakiibia na nani hakiibii. Eustadia aliona kwamba asemalo ni haki. Alitaka lisiwe haki, akalitafutia kasoro, akakosa. Akampa masharti yake: kitambaa kioshwe kwa maji ya moto kabla ya kukatwa, kinywee chote kitakachonywea, ndipo kikatwe, na kila shuka liachiwe urefu wa kukunja chini ya godoro hadi mkono uingie.

Mzigo ulifumwa. Kila alipopata nafasi alipanda Gisozi na kioo chake, akakagua, na hakupata kosa. Majora yalipelekwa Busanza, yakaoshwa, yakakatwa, yakashonwa. Mzee Frederick alipolazwa juu ya shuka la kwanza alilala mchana kutwa, na alipoamka hakusema ameota nini. Aliuliza tu yule bwana ameenda wapi, aliyekuwa akivuta pembe. Eustadia alimwambia ameenda. Frederick akasema, alikuwa na mikono mizuri.

Rodney alimtumia ujumbe siku ya kubadilisha gurudumu, akamwambia si lazima aje.

Alikwenda. Ilikuwa asubuhi yenye ukungu, mteremko wa Gisozi umefutika, misumeno ikilia mahali pasipoonekana. Pretty alikuwa amesafisha mashine kama mtu anayeosha uso wa mgonjwa. Rodney alilifungua gurudumu, akalifuta kwa kitambaa, akamnyooshea Eustadia. Alilipima kiganjani. Lilikuwa zito, lenye baridi, halikuwa na chochote cha mtu. Akamrudishia, akamwambia alitunze na vipuri vyake, huenda siku moja mji ukalipa. Rodney akafunga jipya, akarudisha kifuniko. Hawakukata kitambaa, kiliachwa kama kilivyo.

Pretty aliwasha mashine.

Eustadia alikuwa amejiandaa kwa sauti. Alidhani mashine italia kwa namna nyingine, italegea, itapumua, itamwita. Haikubadilika hata kidogo. Mlio ulikuwa uleule, pigo kwa pigo, na macho yake hayakuona tofauti yoyote mbele yake, ila pamba nyeupe ikishuka na nyuzi mbili pindoni. Alinyoosha kidole akakilaza juu ya kitambaa kinachosogea. Kilikuwa kimebana, kimebana, kimebana, kisha chini ya ncha ya kidole kikawa chepesi.

Pretty alimwuliza kwa ishara ni wapi. Alijaribu kumwonyesha, lakini pale mahali palikuwa pamekwisha kusogea, pamepita chini ya rola, na kitambaa kipya kikawa kinazungushwa juu yake, tabaka moja, kisha jingine.

Alisimama hadi jora likawa nene. Kisha akajipangusa pamba mabegani, akawaaga, akashuka mteremko kutafuta gari la Busanza. Wazee walikuwa hawajabadilishiwa mashuka, na njiani, kabla hajafika barabarani, alimpigia shemeji yake Fortunatus simu, akamwambia aje, na aje na watu wa kulia.